Kumrudia Meneja wa Zamani Kabla Hoteli Hazijafunguliwa

Hoteli nyingi za ufukweni, Malindi na Watamu, hufunga milango masika yakishika, kati ya Mei na Juni, zikafungua tena Julai. Agosti Waitaliano wako likizoni kwao na vyumba vinajaa. Baadaye mambo hupoa kidogo, kisha huja Disemba na msimu mrefu unaokwenda mpaka Pasaka. Watu wengi huenda kuulizia kazi Julai, wanapoona malango yanapakwa rangi na magodoro yameanikwa. Wakati huo orodha imeshajaa. Meneja huipanga Mei, hoteli ikiwa kimya na yeye ana nafasi ya kukaa na makadirio ya vyumba mbele yake. Hapo ndipo anapojua nani anarudi, nani amekwenda Ghuba, nani amechukuliwa na hoteli ya jirani, nani anajifungua. Pengo likionekana, jina la kwanza kumjia kichwani ndilo linaloandikwa kwa penseli.

Nimeliona hilo kwa macho. Nilikuwa stoo ya chakula katika hoteli moja Malindi, na kila mwaka wakati wa kufunga meneja wangu alikuwa akiniita tuhesabu friza pamoja, huku amefungua daftari lake la majina pembeni. Machi 2020 korona ikaja, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, wageni waliokuwapo wakarudishwa kwao na sisi tukarudi makwetu. Mimi nikarudi Lamu. Nilipata kazi Mokowe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupokea saruji na mabati yanayoletwa kwa lori kisha kuyapakia mashuani kuvuka kwenda kisiwani, ambako punda huyamalizia. Kazi nzuri, lakini haikuwa kazi yangu.

Mwaka 2025 nilianza kumtafuta meneja wangu. Alikuwa ameshahama ile hoteli, na namba niliyokuwa nayo haipatikani. Mama aliposikia akasema jambo ni dogo: kuna shangazi yetu Malindi aliyeolewa mtaa mmoja na ndugu zake yule meneja, basi shangazi aende akae nao, anywe chai, aseme neno. Huku kwetu ndivyo mambo mengi yanavyokwenda, na simlaumu mama. Nilikataa kwa sababu moja. Maombi yanayopitia kwa wazee humfunga mtu. Akisema hapana, amemvunjia heshima shangazi, na akisema ndiyo, ameajiri deni badala ya mtu wa stoo. Meneja mwenye akili akinusa hivyo hujibu "inshallah" na habari ikafia hapo. Nilitaka awe huru kunikatalia, maana anayeweza kukukatalia kwa urahisi ndiye anayeweza pia kukwambia ukweli wa mambo.

Nikampigia mhasibu tuliyekuwa naye zamani. Namba ya Madamu, ndivyo tulivyomwita meneja wangu, alikuwa nayo, lakini nilimwomba asinipe mpaka amwulize. Alimwuliza, akakubaliwa, akanipa, akaniambia na jambo jingine lililonifaa kuliko namba yenyewe: Madamu sasa yuko hoteli moja Watamu, na hoteli hiyo imefungwa mpaka Julai. Kwa hiyo nilijua yuko kwenye daftari lake. Ingekuwa Agosti nisingemwandikia kabisa. Agosti meneja wa hoteli hasomi ujumbe, anazima moto.

Sasa ujumbe wenyewe. Kuna rafiki yangu, tulikuwa naye hoteli ile ile upande wa baa, ambaye kabla yangu alimtafuta bosi wake wa zamani. Alimwandikia "Shikamoo bosi" akanyamaza kungoja aitikiwe. Yule bosi aliona namba asiyoijua, hakuitikia. Baada ya siku kadhaa rafiki yangu akatuma "Umenisahau?" Kisha faili la maelezo ya kazi zake. Kisha sauti ndefu akieleza jinsi maisha yalivyo magumu. Hakujibiwa hata moja. Sidhani kama yule bosi ana roho mbaya. Mtu wa cheo kile, hapa pwani, hupata "nisaidie kazi" kutoka kwa majirani, wakwe, vijana wa bodaboda na wapwa wa watu asiowakumbuka. Salamu tupu kutoka namba ngeni anaijua inakoelekea, na kuiitikia ni kujitia kwenye mazungumzo asiyojua yataishia wapi.

Lakini kuacha salamu nako haiwezekani. Mtu wa Lamu akimwandikia mkubwa wake bila kumwamkia, hata akiwa na shahada tatu, ameshaharibu. Nilichofanya ni kuweka salamu, nani mimi, na haja yangu katika ujumbe mmoja, ili akiufungua akiwa amesimama jikoni aumalize pale pale. Niliandika hivi:

"Assalamu alaykum Madamu, shikamoo. Mimi ni yule kijana wa Lamu wa stoo ya chakula, tuliyekuwa tukihesabu friza pamoja kila wakati wa kufunga, mpaka Machi 2020. Namba yako nimepewa na mhasibu wetu baada ya kukuuliza. Natumai wewe na watoto hamjambo. Tangu wakati ule niko Mokowe, nashika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na sasa nataka kurudi hotelini. Nauliza: mtakapofungua Julai, kuna nafasi yoyote upande wa stoo au kupokea bidhaa, hata ya muda? Kama haipo, nitashukuru ukiniambia tu. Najua Mei ni mwezi wa mahesabu, jibu likichelewa hakuna neno."

Nilikaa nao jioni nzima. Sehemu iliyonisumbua ni ile ya kujitambulisha. Jina langu Lamu nzima wanalo watu, na hata pale hotelini tulikuwa wawili wenye jina hilo. Madamu alikuwa amewasimamia wafanyakazi wengi, na hawezi kukumbuka jina, ila kazi aliyoifanya pamoja na mtu huikumbuka. Friza za hoteli ikifungwa ni shughuli: unaingia na jaketi, unapima kila kifurushi, unaandika tarehe, unaamua kipi kiliwe na wafanyakazi, kipi kibaki, kipi kitupwe. Mkifanya hivyo wawili mpaka vidole vife ganzi, hamsahauliani. Kwa hiyo nilitaja friza, sikutaja sifa. Kumwandikia "mimi ni mchapakazi, mwaminifu" kungekuwa kumweleza jambo ambalo yeye ndiye aliyepaswa kuniambia mimi.

Neno jingine nililolipima ni "hata ya muda". Nilijua ninachokitoa. Mtu mwenye kazi ya kudumu Mokowe anaposema atakubali ya muda, anajiweka roho juu. Lakini nafasi za kudumu stoo ni chache mno. Hoteli ya kadiri ina mtu mmoja wa stoo ya chakula, pengine na msaidizi, na mtu huyo haachi mpaka astaafu au aibe. Nafasi zinazofunguka kwa kweli ni za pembeni: mtu amekwenda likizo ya uzazi, mtu anauguza, hoteli imeongeza mgahawa kwa msimu mmoja. Ukiuliza "kuna kazi?" meneja hufikiria nafasi za kudumu na jibu ni hapana, tena hapana ya kweli. Ukiuliza na ya muda, anaanza kupitisha majina kichwani.

Wala sikuambatisha karatasi yoyote. Nilikuwa nazo tayari zote, lakini faili kwenye ujumbe wa kwanza humwambia mtu kwamba hukuja kuuliza, umekuja kuomba, na anajisikia ana mzigo kabla hajasoma.

Jibu halikuja kesho yake wala keshokutwa. Lilipokuja lilikuwa sauti, fupi, na nyuma yake nasikia mtu anagonga misumari: "Marahaba mwanangu. Friza nimezikumbuka. Stoo nina mtu, hatoki. Ila binti anayepokea bidhaa anakwenda kujifungua, Julai katikati. Nipigie Alhamisi baada ya alasiri tuzungumze."

Angalia alivyonijibu. Swali la stoo alilifunga kwa maneno manne, halafu akafungua mlango ambao haujatangazwa popote na usingetangazwa. Likizo ya uzazi kwa sheria ya Kenya ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, na mwajiriwa ana haki ya kurudi kwenye kazi yake. Hoteli hailipi tangazo kwa nafasi ya miezi mitatu. Huulizwa tu: nani anaijua hii kazi na yuko huru?

Alhamisi nilipiga baada ya sala ya alasiri, nikiwa nimekaa nyuma ya duka mbali na kelele za malori. Nilidhani tutazungumza habari za zamani. Tulizungumza kidogo tu, kisha akaniuliza bila kubadili sauti: mvuvi ameleta nguru, ankara inasema kilo 40, samaki wako ndani ya kasha na barafu, mpishi anapiga kelele anawataka, unafanyaje? Nikamwambia nawatoa kwenye barafu, nawaacha maji yachuruzike, napima samaki peke yao, natazama matamvua na macho, nalinganisha na oda yetu iliyotoka, na kama ni 36 naandika 36 kwenye ankara mbele ya mvuvi, tunatia sahihi wote wawili, ndipo mpishi anachukua. Akauliza: na mpishi akiwachukua kabla hujapima? Nikasema nitapima atakachokirudisha, na nitaandika kwamba sikupima vingine. Akacheka. Alikuwa anataka kujua kama miaka ya saruji imenisahaulisha samaki. Nilimwambia pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba saruji inafunza vilevile: mfuko uliopigwa na unyevu wa bahari huganda, na usipotoa kwanza uliotangulia kuingia utauza mawe. Hakusema kitu, lakini nilisikia anaandika.

Kisha akanieleza mipaka yake, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Alisema yeye anaweza kupeleka jina langu kwa afisa wa wafanyakazi na kusema ananijua kikazi. Idadi ya watu wa msimu inaidhinishwa na wenye hoteli, na mshahara hauko mikononi mwake. Akasema pia hawezi kuniandikia barua yenye kichwa cha hoteli yetu ya zamani, maana hayuko tena pale. Neno lake sasa ni neno la mtu, si la ofisi ile.

Jambo hili watu wengi hulichanganya, na huwagharimu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, ikiwa alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho kinaonyesha jina na anwani ya mwajiri, jina lako, ulianza lini, ulifanya kazi gani na wapi, uliacha lini. Basi. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kukupa barua ya sifa juu ya tabia au utendaji wako. Kwa hiyo una vitu viwili kutoka mahali pawili: ofisi ya zamani inathibitisha kwamba ulikuwako, na meneja wa zamani, popote alipo sasa, anaeleza ulikuwaje. Kwenda kwa meneja aliyehama kumwomba cheti ni kumsumbua kwa kisicho chake. Nacho cheti kikiwa hakuna, maneno yake mazuri yanaelea hewani, maana afisa wa wafanyakazi anataka tarehe zilingane. Mimi changu nilikichukua 2020 kabla ya kupanda basi la Lamu, siku ambayo kila mtu alikuwa na haraka ya kuondoka na ofisini kulikuwa hakuna foleni.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake kama mtu wa kuulizwa habari zangu, akakubali, akaniambia niweke namba gani. Hapo ndipo nikatuma karatasi: maelezo ya kazi kurasa mbili, cheti cha utumishi, na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Hicho cha mwisho kilikuwa kimekwisha zamani, kwani hupimwa upya kila miezi sita na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nashika mabati. Nikamwambia wazi kwamba nitapimwa upya.

Baada ya hapo, kimya. Alikuwa amesema nitapata habari wiki inayofuata. Wiki ikaja ikapita. Mama alikuwa akiniuliza kila usiku, na kila usiku akimtaja shangazi. Kidole kilinisumbua kuandika "Madamu, vipi ile habari?" Sikuandika, kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu, "bado", nalo huchosha anayelitoa. Nilingoja mpaka niwe na kitu. Nilipopimwa na kupata cheti kipya cha afya nikakipiga picha nikamtumia, na mstari mmoja: "Shikamoo Madamu, cheti kimetoka, kiko tayari kwa faili. Mkihitaji nije Watamu kuonana na afisa, naweza kuondoka Lamu kwa taarifa ya siku mbili." Siku mbili sikuzisema ovyo. Nilikuwa nimeshakubaliana na mwenye duka, na basi la kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen nalijua. Meneja aliye mbali anahitaji kujua utafika lini ukiitwa, na mtu wa kisiwani watu humwogopa kwa hilo.

Jibu likaja siku ile ile, si kutoka kwake bali kutoka kwa afisa wa wafanyakazi. Baadaye nilikuja kujua kwamba jina langu lilikuwa limekaa mezani kwa sababu idadi haikuwa imeidhinishwa, na ile picha ya cheti ndiyo aliyoisukuma mbele Madamu alipoulizwa kama kuna mtu aliye tayari. Kama ningekuwa nimenyamaza kabisa pengine ningeitwa vilevile. Sijui, na yeye nilipomwuliza alisema "usichimbe chimbe".

Mshahara niliuzungumza na afisa, sikuupitisha kwa Madamu. Ulikuwa chini kidogo ya wa Mokowe, lakini chakula na malazi ni vya hoteli. Nilikubali. Mwenye duka alinilaumu kwa nusu saa kisha akanipa mkono, akasema nafasi yangu ataishika mpaka Oktoba, baada ya hapo asilaumiwe.

Julai nilishuka kituo cha Gede nikachukua tuktuk kwenda Watamu. Sikumkuta Madamu kama nilivyomwacha. Alikuwa na watu wengi zaidi chini yake na muda mchache zaidi, na siku za mwanzo alinipita kama hanijui. Nadhani alifanya makusudi. Watu wa stoo walikuwa wanajua nimeletwa na nani, na angenikumbatia pale wangenihesabu kuwa kijana wake. Nilipima samaki, nikatia sahihi, nikanyamaza. Mtu wa stoo, yule asiyetoka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita kula naye.

Yule binti alirudi Oktoba, na mtoto mwenye mashavu. Nilimkabidhi mizani, daftari la ankara na orodha ya wavuvi wanaopenda kuacha barafu nyingi. Kabla ya siku ya mwisho nilikwenda ofisini kuchukua cheti cha utumishi cha miezi ile mitatu, kisha nikabisha mlango kwa Madamu. Sikumwuliza kama kuna nafasi nyingine, maana orodha ya Disemba nilikuwa nimeiona ikipangwa, na jina langu halikuwamo. Nilimwambia narudi Mokowe, na kwamba namba yangu haitabadilika. Akafungua lile daftari, akaniuliza kama nina neno na Malindi mjini, kwa sababu kuna mwenzake hoteli nyingine anayetafuta mtu wa stoo kuanzia mwaka mpya, na angependa kumpa namba yangu ikiwa nimeridhia. Nikasema nimeridhia.